Orodha ya thieta, toleo la tatu: hesabu ya mopu imehama

Wiki ya sita. Karatasi ya kwanza niliyobandika ukutani ilikuwa ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, vipengele 19 kama vilivyo: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatoka. Nilidhani kazi ni kutafsiri tu. Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane za majaribio ya mwanzo, nikasema Bagamoyo itashindikanaje.

Tatizo la kwanza lilikuwa neno "ndiyo". Ukiuliza kama antibayotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita, kila mtu anaitikia. Nikabadili swali liwe "Saa ngapi?" Siku ya pili tu pakawa kimya. Faili likafunguliwa: ampisilini ilichomwa wodini saa tatu kasoro, nasi tulikuwa saa tano kasoro robo. Ikarudiwa.

La mopu, vitambaa vya kufyonzea damu, ndilo lililoninyima usingizi. Karatasi inauliza hesabu mwishoni, na kwetu "mwishoni" ikawa ngozi imeshashonwa. Wiki ya tatu, kwa mama wa upasuaji wa uzazi, tulifungua mafungu mawili. Ya matano matano, nikaandika 10 ubaoni bila kuyatenganisha. Nyuzi za mwisho za ngozi zikipita, nikahesabu tisa. Ndoo, chini ya meza, ndani ya mashuka: tisa. Mama yuko macho, ganzi ni ya mgongoni. "Kuna nini, dada?" Nikamwambia, "Tunahesabu vitambaa, mama." Daktari akafungua tena, akapapasa pande zote, hakuna kitu. Picha ya eksirei isingetusaidia, maana mopu zetu tunakata wenyewe na hazina ule uzi unaoonekana kwenye picha. Baadaye, kwenye dramu ileile yalimotoka mafungu hayo, nikakuta fungu lenye mopu sita.

Kwa hiyo kosa lilianza kwenye kufungasha, likapita mikononi mwangu kwa sababu nilihesabu mafungu badala ya mopu. Na mama akafunguliwa mara ya pili kwa ajili ya kitambaa ambacho huenda hakikuwahi kuingia.

Toleo la tatu lina sehemu ya katikati. Kabla ya kisu, mopu moja moja inatenganishwa, wawili wanatazama, mmoja anataja kwa sauti. Fungu lisilo na mopu tano linatolewa lote nje ya chumba, halijazwi. Kisha tunahesabu kabla ya kufunga mfuko wa uzazi, kabla ya kufunga tumbo, na kabla ya ngozi. Daktari haombi uzi mpaka asikie namba. Wiki ya kwanza alinung'unika. Sasa anauliza mwenyewe.

Kinachonisumbua ni usiku. Anayehesabu nami ni mkunga, na mfuko wa uzazi unafungwa dakika zilezile anazomhudumia mtoto. Wa ganzi simwondoi kichwani kwa mgonjwa. Kwa sasa nimehamishia ubao na ndoo karibu na meza ya mtoto, aweze kutazama bila kumwacha. Mtoto asipolia mara moja, daktari anabana panapovuja na kusubiri, na kusubiri huko kunagharimu damu ya mama.