Kinga iliyonidanganya kwa asilimia 90

Nilitaka kuilinda modeli ya kutambua picha dhidi ya mshambuliaji anayebadilisha pikseli kidogo ili ikosee. Ushauri niliopewa ulikuwa mwepesi: kadiria thamani za pikseli hadi viwango 16 kabla picha haijaingia kwenye modeli, na mabadiliko hayo madogo yatafutika. Nilijaribu kwenye CIFAR-10, mkusanyiko wa picha ndogo za majaribio, kikomo cha mabadiliko kikiwa 8/255 kwa kila pikseli. Bila kinga, PGD, shambulio linalobadilisha pikseli hatua kwa hatua ili kosa la modeli likue, ilishusha usahihi karibu na sifuri. Kwa kinga, modeli ilibaki juu ya asilimia 90. Nikafurahi mno.

Kilichonishtua ni jaribio la kuongeza kikomo hadi 128/255. Kwa nafasi kubwa hivyo, picha yoyote inaweza kugeuzwa kijivu kitupu, kwa hiyo usahihi ulipaswa kuanguka. Haukutikisika. Hapo nikajua shambulio langu ndilo lililokufa, si kwamba kinga ilikuwa imara.

Shambulio hufuata mteremko wa kosa, na mteremko wa `round`, agizo linalokadiria pikseli, ni sifuri. Kwa hiyo `sign()`, inayoliambia shambulio lisogeze kila pikseli upande gani, inatoa sifuri na picha haiguswi kabisa. Dawa yake ni mstari mmoja: picha ikienda mbele ikadiriwe, mteremko ukirudi nyuma upite kana kwamba hakuna kilichofanyika.

```python
x = x + (torch.round(x*15)/15 - x).detach()
```

Nikarudia PGD, na usahihi ukaporomoka tena. Ukadiriaji haukufuta kitu: pikseli iliyo karibu na mpaka wa kiwango husukumwa kidogo tu, ikaruka hatua nzima ya 17/255.

Kwa nini kidogo hicho kinatosha? Chukua picha ya 32×32 yenye rangi tatu, namba 3072. Tuseme modeli huzidisha kila namba kwa uzito wake kisha hujumlisha, na ukubwa wa wastani wa uzito ni 0.05. Ukisogeza kila namba 8/255 kwa kufuata alama ya uzito wake, jumla inasogea 3072 × 0.05 × 8/255, karibu 4.8. Kelele za kubahatisha za ukubwa uleule hukatana zenyewe kwa zenyewe, na kwa kawaida zinasogeza kama 0.09 tu. Ndiyo maana kujaribu modeli kwa kelele hakuthibitishi lolote.

Kilichonisaidia kweli ni kuifundisha modeli kwa picha zilizoshambuliwa: kwa kila fungu la picha, PGD ya hatua 7 za 2/255, ikianzia mahali pa kubahatisha ndani ya kikomo. Mafunzo yanachukua karibu mara nane ya muda. Usawazishaji wa pikseli, yaani kutoa wastani na kugawa kwa mtawanyiko, uweke ndani ya modeli, la sivyo 8/255 yako inapimwa kwenye kipimo kingine. Kwa njia hii usahihi wa picha safi hushuka kutoka kama 95 hadi 87 hivi, na chini ya shambulio hubaki pungufu ya nusu. Namba hiyo naiamini, kwa sababu nikipanua kikomo inashuka hadi sifuri. Ila inahusu mabadiliko ya aina hiyo tu: kibandiko kilichobandikwa pembeni mwa picha ni shambulio jingine, na modeli hii haikulifundishwa.