Nilivyofanya mtihani wa GCSE mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta

Nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia mwezi Mei, mitihani ikiwa imekaribia. Naishi Uingereza, na nilikuwa narudia Hesabu na Kiingereza vya GCSE, mitihani ya sekondari ya huku, nikiwa mtu mzima, kwa sababu bila alama hizo mlango wa uuguzi haufunguki. Hospitali walinifunga plasta, nikaomba barua inayotaja mkono gani umevunjika na plasta itakaa hadi lini. Asubuhi iliyofuata niliipeleka kwa afisa wa mitihani wa chuo. Kwa jeraha la ghafla maombi ya kusaidiwa wakati wa mtihani hupokelewa hata tarehe za kawaida zikiwa zimepita, ila afisa anahitaji muda wa kupata chumba na watu, kwa hiyo sikutaka kukaa nayo nyumbani hata siku moja.

Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: nataka mtu wa kuniandikia, au kompyuta? Nilidhani ni jibu moja kwa mitihani yote, kumbe kila somo linaamuliwa lenyewe.

Kwenye Kiingereza kuna alama za tahajia na vituo. Ukiandikiwa na mtu, tahajia haihesabiki kuwa yako mpaka uitaje herufi kwa herufi, na nukta na koma uzitaje pia. Kwa insha nzima hiyo ni kazi ya kuchosha mno. Nikachagua kompyuta, isiyo na mtandao na iliyozimwa kusahihisha maneno, nikiandika kwa mkono wa kushoto. Karatasi ya saa 1 na dakika 45 niliongezewa robo ya muda, yaani kama dakika 26. Niliziona zinatosha baada ya kujizoeza kuchapa insha fupi kila jioni huku nikitazama saa. Niliomba pia mapumziko ya kusimamiwa, ambapo muda wa mtihani unasimama hadi urudi. Mkono ukining'inia kwa muda mrefu vidole huvimba, na hapo nilikuwa nauinua juu ya mto kidogo kabla ya kuendelea.

Hesabu ni kinyume chake. Kuchapa sehemu na vipeo kwa mkono mmoja ni balaa, kwa hiyo huko niliandikiwa. Mwandikaji hawezi kuwa ndugu yako wala mwalimu wako wa somo hilo. Mnakaa chumba cha peke yenu ili watahiniwa wengine wasisikie majibu. Anaandika ulichosema tu: hakushauri, hakusahihishi, ingawa ukimwomba akusomee alichoandika atakusomea.

Kuamrisha hesabu kwa mdomo ni ujuzi wa peke yake, nao niliujenga nyumbani na binti yangu. Siku ya kwanza nilimsomea hivi: “Mbili x jumlisha tano, gawa kwa tatu, sawa na saba.” Akasita. “Mama, tatu inagawa tano peke yake au vyote?” Mwandikaji wa mtihani asingeniuliza hivyo. Angeandika alivyosikia, na njia yote ingepotea. Nikabadili maneno: “Chora mstari wa sehemu. Juu yake andika 2x + 5. Chini yake, 3. Nje, sawa na 7. Mstari mpya: 2x + 5 = 21. Mstari mpya: 2x = 16. Mstari mpya: x = 8.” Kila hatua niliitaja, hata ile niliyoweza kuifanya kichwani, maana alama za njia hutolewa kwa kilicho kwenye karatasi.

Michoro ndiyo iliyonipa kazi kubwa. Kukata mstari AB katikati kwa pembe mraba, nilijifunza kusema: weka ncha ya bikari kwenye A, ipanue izidi nusu ya AB, chora tao juu na chini, usibadilishe upana, rudia kutoka B, unganisha pale matao yanapokatana. Ukisahau “usibadilishe upana”, hana wajibu wa kukukumbusha. Chuo kilinikutanisha na mwandikaji kabla ya siku yenyewe, tukapitia karatasi ya zamani. Hapo nikagundua kwamba naongea haraka kuliko anavyoandika, nikaanza kungoja kalamu isimame. Kikokotoo nilibonyeza mwenyewe kwa kushoto.

Plasta ilifunguliwa kabla ya karatasi ya tatu ya Hesabu. Nilijaribu kuandika nyumbani. Baada ya mistari michache vidole vilikakamaa na tarakimu hazikusomeka. Nilimweleza afisa, akaniachia mwandikaji yuleyule hadi mwisho. Matokeo ya Agosti yalikuja na 5 ya Hesabu na 4 ya Kiingereza, na 4 ndiyo alama ya chini kabisa niliyoihitaji kuomba uuguzi.