Nilivyoandika andiko la utafiti wa dini na uhamaji kwa kufuata misiba

Andiko langu la utafiti limepita, tena bila dodoso na bila ile fomula ya Yamane ya kupata idadi ya wahojiwa. Nawaandikia wenzangu wa Unguja na Pemba wanaotaka kutafiti jumuiya zetu za ibada zilizoko ughaibuni, maana ushauri niliopewa mwanzoni ulikaribia kuipoteza kazi yote.

Ulitoka kwa msomi ninayemheshimu. Aliniambia nichukue mada ya dini na uhamaji miongoni mwa Wazanzibari wa Uingereza, nitafute idadi yao, niiingize kwenye fomula, kisha nigawe dodoso misikitini. Fomula yenyewe kila mwanafunzi wetu anaijua:

n = N / (1 + N × e²)

n ni idadi ya watu wa kuhojiwa, N ni idadi ya watu wote, na e ni kosa unalokubali, ambalo wengi huandika 0.05. Nikakaa nayo. Ukiweka watu 2,000 inakupa 333. Ukiweka 10,000 inakupa 385, na ukiweka 50,000 inakupa 397. Kwa hiyo hata ukikisia vibaya, jibu halisogei sana, na hapo ndipo watu wengi hupumua wakadhani wamemaliza. Lakini hesabu hii inataka watu wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha, na orodha hiyo haipo. Sensa ya Uingereza na Welsi ya 2021 iliuliza nchi ya kuzaliwa, lugha kuu na dini, ila aliyezaliwa Wete anahesabiwa Mtanzania sawa na aliyezaliwa Mwanza, na swali la dini ni la hiari. Mtoto aliyezaliwa huko huko na kusomeshwa Kurani kwa Kiswahili hataonekana hata kidogo kwa anayetafuta kwa nchi ya kuzaliwa. Na dodoso la mlangoni mwa msikiti litawapata wanaume wanaohudhuria swala ya jamaa, huku wanawake wanaopika, wanaochangisha na wanaosomesha watoto wakibaki nje ya utafiti.

Nikaacha kuhesabu watu, nikachukua msiba kuwa ndiyo kitu kinachochunguzwa. Wengi wa watu wetu waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya mauaji ya Januari 2001, ambapo Wapemba walivuka kwa vyombo hadi Shimoni, Kenya. Waliotoka zamani sasa ni wazee, na wanafia huko. Kifo hakingoji, kwa hiyo ndani ya siku chache jumuiya inalazimika kuamua mambo ambayo katika mahojiano ya kawaida watu huyazungukazunguka: azikwe wapi, nani alipe, nani amwoshe, hitima isomwe wapi na kwa jina la nani.

Hapo dini na uhamaji vinakutana kweli. Sisi wengi ni Mashafii, na katika madhehebu yetu maiti hutakiwa kuzikwa haraka pale alipofia. Wanazuoni wa Kishafii wanakataza au wanachukia kumhamisha kwenda mji mwingine, ila akiwa karibu na Makka, Madina au Baitul-Maqdis. Lakini mama aliyeko Wete anataka kaburi la mwanawe alione. Katika msiba mmoja ambao familia iliniruhusu kuutumia kwenye andiko, mzee alifia Uingereza, mabinti wa Pemba wakataka aletwe, mtoto wa kiume aliyeko Maskati akasema azikwe huko huko Uingereza, na kamati ya kuzikana ya pale mjini ikasema fungu lao linalipia kaburi lakini halilipii ndege. Akazikwa huko. Hitima ikasomwa mara mbili, moja ukumbini Uingereza na nyingine nyumbani Wete kwa pesa zilizotumwa.

Kutokana na msiba huo maswali ya utafiti yakaja yenyewe. Nani ana kauli ya mwisho kati ya familia ya nyumbani, jamaa wa nchi nyingine na kamati? Hoja ya kidini inaingia wakati gani, na nani anaitaja? Na wanawake wanaamua nini ambacho kwenye kamati hakionekani? Niliweka misiba 12 ya aina tatu: aliyefia nje akazikwa nje, aliyefia nje akaletwa, na aliyefia Zanzibar huku watoto wakishindwa kuja. Kila msiba una watu watatu wa kuhojiwa: wa nyumbani, wa kamati, na mwanamke aliyesimamia kuosha au hitima ya wanawake. Mahojiano 36 yanatosha kazi ya aina hii. Safari naianzia Pemba nikifuata nyuzi za familia kwenda nje, kwa sababu ukianzia kwa imamu wa huko atakupeleka kwa watu wake tu.

Sasa swali la kufungulia. Kwenye majaribio nilimuuliza bibi mmoja aliyefiwa, "Shikamoo bibi. Dini ina nafasi gani kwa watoto wako waliko?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi, dini wameishika." Kimya. Nikabadilisha: "Siku ile bibi, simu ya kwanza ilipigwa kwa nani?" Akajiweka sawa kwenye mkeka akaanza. Simu haikupigwa kwake. Ilipigwa Maskati, kwa sababu huko ndiko kunakotoka pesa, na yeye akapata habari kwa jirani aliyeona tanzia kwenye kundi la Watsapu. Alizungumza karibu saa nzima, na kila nilichokitaka kuhusu mamlaka, pesa na fatwa kilikuwamo bila mimi kulitaja tena neno dini. Swali hilo ndilo la kwanza katika mwongozo wangu wa mahojiano.

Maadili ndiyo sehemu iliyonichukua muda kuliko zote, na kamati ya maadili iliisoma kwa makini. Sihoji mtu kabla ya arobaini. Mjane aliyemo edani sihojiani naye mpaka miezi minne na siku kumi zitimie, na hata hapo anayemhoji ni msaidizi wa kike. Simuulizi mtu alivyopata karatasi za kuishi huko, na akizitaja mwenyewe kipande hicho hakinakiliwi. Ridhaa naichukua kwa sauti, maana fomu ya kutia saini humtisha mtu aliyewahi kuomba hifadhi. Lazima iwe ya wazi kabisa, kwani sheria ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa inaihesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti. Ujumbe wa kwenye makundi ya Watsapu siuchukui hata kama nimo kundini. Nasoma ule tu ambao familia imenionyesha.

Kubadilisha majina hakutoshi. Niliandika msiba wa ami yangu kwa majina ya kubuni na mji wa kubuni, nikampa mtu wa mtaani kwetu, kwa idhini ya nyumba. Akamtambua kwenye aya ya pili, kwa sababu ya mwezi aliofariki na kazi aliyokuwa akifanya. Nikaondoa mwezi, nikaifanya kazi iwe "kibarua", nikabadilisha idadi ya watoto. Mara hii aliyesoma, mtu mwingine wa mtaa huo huo, alitaja watu watatu tofauti asiwe na uhakika na yeyote. Kipimo hicho kimo kwenye andiko: kila msiba utapitia kwa msomaji ambaye familia yenyewe imemkubali, na akimtambua marehemu, naandika upya.

Bajeti ni nauli za dala na boti, vocha, na laki kadhaa za msaidizi. Mahojiano ya nje nitafanya kwa simu. Kamati ya maadili ilinipa sharti moja, kwamba nisianze ndani ya Ramadhani, nami nimepanga kuanza baada ya Idi, kwa barua ya kumpelekea sheha wa shehia ya kwanza.