Alhamisi au Ijumaa: Usiku wa Taa Ahmedabad

Kalenda niliyokuwa nayo Dar es Salaam ilionyesha Diwali ya mwaka 2024 kuwa Ijumaa, tarehe 1 Novemba. Mwenyeji wangu wa Ahmedabad, India, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye nimenunua kwake kwa miaka kadhaa, aliponiuliza nafika lini nikamjibu Alhamisi usiku. Akanipigia simu papo hapo. "Ukija Alhamisi usiku utakuta taa zinazimika," aliniambia. "Njoo Jumatatu, uzione siku zote."

Nikabadilisha tiketi. Nilipanda ndege hadi Mumbai, na kutoka pale nikachukua treni ya usiku kwenda kaskazini, karibu kilomita 500. Jumatatu asubuhi nilikuwa Ahmedabad, kwenye nyumba ya mbao ndani ya mji wa kale, katika mtaa wa vichochoro ambao wenyewe wanauita pol. Mlangoni alisimama mama yake mwenyeji wangu, ambaye nyumbani wote wanamwita Ba. Nikamwamkia kwa Kihindi changu cha kubabaisha. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili safi cha Tanga ya zamani, "Wewe mtoto, hujui shikamoo?" Alizaliwa Tanga, akaondoka akiwa msichana, na Kiswahili chake hakijachuja hata kidogo.

Ba ndiye aliyenifundisha kuzihesabu siku. Majina ya siku hizo yenyewe ni hesabu, na ukishalijua hilo hupotei tena. Mwezi wa Wagujarati una nusu mbili, ya mbalamwezi na ya giza. Siku ya kwanza ya sikukuu ni Dhanteras: dhan ni mali, teras ni kumi na tatu, yaani siku ya kumi na tatu ya nusu ya giza. Ya pili ni Kali Chaudas, kumi na nne nyeusi. Ya tatu ni Amas, mwezi umepotea kabisa. Ya nne ni ya kwanza ya mwezi mpya, nayo ndiyo mwaka mpya wao. Ya tano ni Bhai Bij, ya pili ya mwezi mpya, siku ya kaka na dada. Taa huwashwa siku zote hizo, na hapo ndipo mgeni anapochanganyikiwa. Ila usiku wa taa wenyewe ni mmoja, ule wa tatu, usio na mwezi.

Jumanne, siku ya Dhanteras, tulikwenda Manek Chowk, soko la masonara, palipojaa watu mabega kwa mabega. Ba hakununua dhahabu, alinunua kijiko kimoja cha fedha. Magharibi ilipoingia aliweka taa mbili kizingitini, kisha akakanda unga, akafinyanga taa ndogo yenye tambi nne, akaiweka nje ikielekea kusini. Kusini ni upande wa Yama, mungu wa mauti. Taa hiyo ni ya kumwomba asiguse nyumba kabla ya wakati. Taa za usiku ule zilikuwa hizo tatu tu.

Jumatano jioni alikaanga vada za dengu, akanichukua hadi njia panda. Akaziweka chini, akazizungushia maji, tukarudi. Alinikataza kugeuka nyuma, kwa sababu ugomvi wa nyumbani umeachwa pale, na anayegeuka huurudisha. Nilitembea nimekaza shingo hadi mlangoni.

Usiku huohuo tuliandaa taa za kesho. Kikombe cha udongo wanakiita kodiyu, hukaa vizuri kwenye kiganja, na kina mdomo uliobanwa pa kulaza utambi. Ba alikuwa na 51. Vipya vyote alivitumbukiza kwenye beseni la maji vilale humo hadi asubuhi, ndipo vianikwe juani. Nikauliza kuna haja gani ya kulowesha kitu kitakachotiwa mafuta. Akanijibu kwamba udongo mpya una kiu. Usipounywesha maji kwanza, utakunywa mafuta. Halafu tukasokota tambi. Unachukua pamba kiasi cha ncha ya kidole, unaivuta, unaisugua kati ya viganja viwili mpaka iwe kamba nyembamba. Sehemu kubwa hulazwa ndani ya mafuta, na nje huachwa kiasi cha punje ya mchele. Ikizidi, moto unakuwa mkubwa, unatoa masizi na kula mafuta upesi.

Ni wakati tukisokota ndipo nilipomuuliza habari ya kalenda yangu. Mbona inasema Ijumaa? Ba akamwita mwanawe alete panchang, kitabu cha kalenda yao kinachotoka kila mwaka. Mwenyeji wangu akakifungua na kuweka kidole kwenye mstari wa Amas. Ilikuwa inaingia Alhamisi saa 9:52 alasiri na kutoka Ijumaa saa 12:16 jioni.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Siku yao ya mwezi, tithi, haianzi usiku wa manane wala alfajiri. Huhesabiwa kwa mwendo wa mwezi ukiliacha jua: kila unaposogea nyuzi 12, tithi moja imekwisha. Kwa kuwa mwendo wa mwezi si sawasawa, tithi inaweza kuwa ya saa 19 hivi, na inaweza kufika 26. Ile ya mwaka 2024 ilikuwa ndefu, ikagusa machweo mawili. Na kanuni ya usiku wa taa ni kwamba ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, hufanywa baada ya jua kuzama, wakati Amas ingalipo.

Sasa piga hesabu. Ahmedabad wakati huo jua huzama saa 12 na dakika chache. Alhamisi jua likizama Amas ina saa mbili tu tangu iingie, na usiku mzima ni wake. Ijumaa jua likizama Amas imebakiza kama robo saa, kisha inakwisha, na usiku wote unaobaki ni wa mwezi mpya. Kwa Wagujarati jibu lilikuwa wazi: Alhamisi. Lakini wapo wenye kanuni nyingine, kwamba Amas ikigusa jioni mbili ichukuliwe ya pili. Ndiyo maana Mumbai, mwendo wa treni wa usiku mmoja tu, Lakshmi aliombwa Ijumaa, na kalenda yangu ilikuwa imefuata upande huo. Mimi niliyekulia kwenye mabishano ya mwezi wa Idi, mtaa huu umefungua na mtaa ule bado umefunga, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Wote wanauangalia mwezi uleule na wote wana hoja.

Alhamisi saa 11 jioni duka la mwenyeji wangu lilikuwa limefagiliwa na kufungwa milango nusu. Juu ya kitambaa cheupe palikuwa na chopda, daftari la hesabu lenye jalada jekundu la kitambaa. Mwaka wao wa biashara unakwisha na Amas hiyo, kwa hiyo daftari jipya huombewa kabla halijaandikwa hata senti. Kuhani alichora saathiyo, alama yao ya kheri, kwenye ukurasa wa kwanza, akaandika neno Shri mara moja, chini yake mara mbili, kisha mara tatu, mpaka likawa kama paa la nyumba. Pembeni aliandika Shubh na Labh, kheri na faida. Juu ya ukurasa wakaweka jani la tambuu, popoo na sarafu ya fedha. Kompyuta ya duka nayo ililetwa ikapakwa doa jekundu, maana hesabu nyingi siku hizi zimo humo. Mwenyeji wangu aliligusa daftari kwa paji la uso. Amenidai na nimemdai, jina langu limo kwenye madaftari yake ya miaka iliyopita, na kumwona akiinama vile kulinigusa kuliko nilivyotarajia.

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa limekwisha zama. Ba aliwasha ya kwanza mbele ya Lakshmi kwa samli, na kutoka hiyo zikawashwa nyingine za mafuta. Moja kwenye mtulsi, mmea wao mtakatifu, uani. Moja mahali pa mitungi ya maji, kwa sababu maji nayo ni uhai wa nyumba. Moja jikoni. Zilizobaki tukazipanga kizingitini, madirishani na juu ya ukuta, wakati majirani wakifanya hivyohivyo pande zote mbili. Kichochoro ambacho mchana ni cha kijivu kikawa mistari miwili ya moto mdogomdogo inayopinda hadi kwenye kona. Nikainua macho: juu ya paa hapakuwa na kitu ila giza na moshi wa fataki. Nikaelewa kwa nini ni usiku huu na si mwingine. Taa hizi ndogo usiku wenye mbalamwezi zisingeonekana hivi.

Upande wangu wa ukuta kulikuwa na taa tisa nilizonunua mwenyewe mchana ule njiani, nikitaka nami kuchangia. Sikuwa nimezilowesha. Saa 2 usiku nne zilikuwa zimezimika bila upepo wowote. Nilipoinua moja nikakuta chini yake duara la mafuta kwenye jiwe, na udongo umegeuka rangi, mweusi na wenye kung'aa. Za Ba bado zilikuwa zimejaa zaidi ya nusu. Hakusema neno, alichukua birika la mafuta akanijazia. Safari ya pili zilikaa, kwa kuwa sasa zilikuwa zimeshiba.

Ijumaa ilikuwa siku ya ajabu. Mwaka mpya unahitaji siku ya kwanza ya mwezi iwepo jua linapochomoza, na Ijumaa alfajiri ilikuwa bado ni Amas. Basi mwaka wa zamani umeagwa na mpya haujaingia. Wagujarati wana jina la siku kama hiyo: dhoko. Maduka yamefungwa, watu wamelala, siku tano zimekuwa sita.

Jumamosi kabla hakujapambazuka niliamshwa na sauti ya mtoto kichochoroni akinadi "sabras!" Ni chumvi, kitu cha kwanza kununuliwa katika mwaka. Kisha milango ikaanza kugongwa na kila anayeingia anasema "Saal Mubarak". Lile mubarak lilinifanya nijisikie niko kwetu. Jumapili mwenyeji wangu alikwenda kula kwa dada yake, kama inavyopaswa siku ya Bhai Bij.

Nilipokuwa nafunga mzigo Ba alikuja na panchang ya mwaka mpya. "Haya, ya mwakani ni lini?" akaniuliza. Nikautafuta mstari. Amas inaingia Jumatatu, tarehe 20 Oktoba 2025, saa 9:44 alasiri, na kutoka Jumanne saa 11:54 jioni. Jumanne Amas inakwisha kabla jua la Ahmedabad halijazama.

"Jumatatu, Ba."

"Na taa?"

"Nizilaze kwenye maji Jumapili usiku."

Akanifungia vikombe sita kwenye gazeti, akavitia katikati ya nguo zangu.