Kumbukumbu ya mradi: kuakisi poti ya seva ya ghala kwa SPAN

Jumamosi. Seva ya ghala moja la korosho hapa Mtwara, ambayo naitunza zaidi kwa kuipenda kazi hii kuliko kwa malipo, imelalamikiwa kuwa nzito tangu msimu ulipofunguliwa. Ina hifadhidata ya MySQL yenye uzito wa magunia na stakabadhi za wakulima, na makarani huifikia kupitia swichi ya Catalyst 2960G. Nilikuwa nafikiria kubadilisha diski, mpaka karani mmoja aliponiambia: "Fundi, programu ikishafunguka inakwenda vizuri, shida ni kuifungua tu." Seva iliyolemewa kwa kawaida huwa nzito hata katikati ya kazi, kwa hiyo nikaona ni bora kutazama kwanza yanayopita kwenye waya wake.

Ningeweza kunasa pakiti kwenye kompyuta ya karani, lakini huko ningeona mazungumzo yake na seva peke yake. Poti ya seva inaonyesha pia maswali ambayo seva yenyewe inawauliza wengine, na seva inayosubiri jibu la mwingine huonekana nzito kwa kila anayeisubiri. Kwa idhini ya mwenye ghala, niliiagiza swichi, kupitia uwezo wake uitwao SPAN, inakili kila kinachoingia na kutoka kwenye poti ya 3, ilipo seva, na kukipeleka kwenye poti ya 24, nilipochomeka kompyuta yangu ya mkononi:

```
configure terminal
monitor session 1 source interface gi0/3 both
monitor session 1 destination interface gi0/24
end
show monitor session 1
```

Mara tu baada ya hapo kompyuta yangu ilipoteza mtandao, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu poti ya kupokelea nakala haipitishi tena mawasiliano ya kawaida. Swichi huiandika `down (monitoring)`, maneno yanayoweza kumshtua mtu asiyeyazoea ingawa kebo ni nzima.

```
sudo tcpdump -i eth0 -s 160 -w ghala.pcap host 192.168.10.5
```

Kichujio nimekiweka kwa anwani ya seva, si kwa poti ya 3306 ya MySQL, ili maswali ya seva kwenda kwingine yasichujwe. Namba 160 inabakiza baiti za mwanzo tu za kila pakiti: zinatosha kupima muda, na taarifa nyingi za wakulima hazibaki kwenye faili langu.

Jumapili. Katika Wireshark, karani anapofungua programu, salamu za TCP za kuanzisha muunganisho zinakamilika chini ya milisekunde moja. Hapo mtandao wa ndani ukawa umetoka kwenye orodha ya washukiwa. Kisha seva, ambayo katika MySQL ndiyo inayopaswa kuongea kwanza, inakaa kimya sekunde 10. Ndani ya kimya hicho imo pakiti ya DNS kutoka kwenye seva, inayouliza jina la mwenye anwani 192.168.10.21, yaani kompyuta ya karani. Haijibiwi. Baada ya sekunde 5 swali lilelile linarudiwa, nalo halijibiwi. Zikipita sekunde 5 nyingine seva inakata tamaa na kumkaribisha karani.

Namba hizo zinaeleweka. Linux, isipoelekezwa vingine, husubiri jibu la DNS sekunde 5 na hujaribu mara 2, na faili la `/etc/resolv.conf` lilikuwa na anwani moja tu, ya mtandao wa zamani usiokuwepo tena. Ruta ilikuwa ikiyatuma maswali huko bila chochote kurudi. MySQL nayo, ikikosa jibu kabisa, haina la kuhifadhi, hivyo inauliza upya kila muunganisho mpya unapofunguliwa.

Kabla ya kuamini faili nilihakikisha kwamba nakala zenyewe hazikupotea njiani. Poti ya seva inaweza kupokea gigabiti 1 kwa sekunde na kutuma nyingine 1 kwa wakati uleule, ilhali poti ya 24 inatoa 1 tu. Zikizidi, swichi hutupa ziada. Dalili yake katika Wireshark ni `TCP ACKed unseen segment`: mpokeaji amekiri kupata kitu ambacho nakala haina, kwa hiyo kilichopungua ni nakala, si mawasiliano yenyewe. Sikuiona, kwani makarani hawaijazi hata sehemu ndogo ya poti. Kunasa wakati wa kuhamisha chelezo za usiku kungekuwa jambo jingine.

Jumatatu. Nimeweka anwani ya DNS inayofanya kazi, kisha `skip-name-resolve`, inayoizuia MySQL kuuliza majina ya kompyuta, chini ya `[mysqld]`, na kuiwasha upya huduma. Mpangilio huu unadai kwamba watumiaji wa hifadhidata waruhusiwe kwa anwani badala ya jina la kompyuta, hivyo niliikagua kwanza orodha yao, la sivyo wengine wangefungiwa nje. Katika mnaso mpya, ukaribisho wa seva unafuata salamu za TCP papo hapo na hakuna swali la DNS kati yake. Nimeandika `no monitor session 1`, na poti ya 24 sasa inaweza kutumiwa na printa ya stakabadhi.