Kutoka "huwa tunapokea" hadi "nikaenda": kumbukumbu ya mradi wangu wa kuwahoji wauguzi

Wiki ya 1

Swali la mradi limetulia: ni nini hupotea wauguzi wanapokabidhiana zamu, na anayepokea hugunduaje kwamba kuna kilichopotea? Mimi mwenyewe nimefanya kazi wodini, kwa hiyo nilidhani mwongozo wa maswali ungeandikika haraka. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maswali 19. La kwanza liliuliza, "Je, makabidhiano ya zamu hufanyika ipasavyo katika wodi yenu?" La saba: "Kwa nini wakati mwingine taarifa muhimu hazitolewi?"

Niliwajaribia wauguzi wawili ninaowafahamu. Swali la kwanza lilipata "ndiyo" na kunyamaza. La saba lilileta utetezi: uchache wa watumishi, wingi wa wagonjwa, muda. Yote kweli, lakini hakuna hata moja nililokuwa silijui kabla ya kukaa nao. "Kwa nini" katika jambo la kazi husikika kama barua ya kujieleza, na mtu anayejieleza hasimulii.

Wiki ya 2

Nimesikiliza upya sauti za majaribio na kuna kitu kimeniingia ambacho sasa ndicho nguzo ya mradi wote. Lugha yetu inamfichua msemaji. Muuguzi anapojibu kwa "huwa tunapokea", "tunatakiwa kuhakiki", "kila mgonjwa anapitiwa", anakariri utaratibu. Anaeleza wodi inavyopaswa kuwa. Siku anapokumbuka tukio lenyewe, vitenzi vinabadilika: "nilimkuta mwenzangu anavua aproni, akaniambia, nikachukua chati". Hiyo -ka- ndiyo dalili kwamba hadithi imeanza. Nafsi nayo hubadilika pamoja na kitenzi, kwani "sisi" huwa ya utaratibu na "mimi" huwa ya tukio.

Kwa hiyo nimeandika mwongozo upya nikijiuliza juu ya kila swali: je, linaweza kujibiwa kwa "huwa"? Likiweza, linafutwa au linageuzwa. "Mnakabidhianaje zamu?" limekuwa "Kumbuka zamu ya mwisho uliyopokea. Uliingia wodini ukamkuta nani, na jambo la kwanza uliloambiwa lilikuwa lipi?" Wazo la kuomba tukio moja halisi badala ya maoni si langu. Mwanasaikolojia John Flanagan aliliandika mwaka 1954 baada ya kazi yake na marubani wa jeshi la Marekani. Nilichoongeza mimi ni kutega sikio kwenye vitenzi.

Maswali makuu yamebaki 6. Kwa kikao cha dakika 90 chenye watu 7 hayo yanatosha kabisa: ukitoa dakika 15 za ridhaa na utambulisho na 10 za kufunga, kila swali linabaki na dakika kama 10, yaani dakika moja na nusu hivi kwa kila mtu. Maswali 19 yangeniachia dakika tatu na kitu kwa swali zima.

Chini ya kila swali nimeandika madodoso mafupi: "Ikawaje?" "Ulijuaje?" "Hapo ulikuwa umesimama wapi?" Na moja la kunikinga mimi. Wauguzi wakijua kwamba nawe ni wa kazi hiyo, hukatisha sentensi kwa "si unajua mwenyewe". Nikiitikia, jibu limekufa, maana kwenye nakala hakutakuwa na kitu. Dodoso langu ni: "Nieleze kama mtu ambaye hajawahi kuingia wodini."

Wiki ya 4, kikundi cha kwanza

Kimeharibika, na sababu ni moja. Msimamizi wa wodi aliingia kusalimia, akaketi, akabaki. Sikuwa na maneno tayari ya kumwomba atoke bila kumvunjia heshima. Dakika 52 za mazungumzo ya adabu. Niliponukuu nilipigia mstari kila kitenzi chenye -ka- ya kusimulia, nikapata vinne tu, na vyote vilikuwa vya msimamizi mwenyewe akisimulia mambo ya zamani. Wengine wote walisema "huwa" na "tunatakiwa".

Sitakitupa kikundi hiki, lakini sitakihesabu kama ushahidi wa kinachotendeka. Ni ushahidi wa kinachoweza kusemwa mbele ya mkubwa.

Kuanzia sasa wasimamizi wanapewa kikao chao, na ninawaeleza hivyo siku chache kabla, si mlangoni: "Mawazo yako nayahitaji peke yake, nimekutengea muda wako." Hilo linapokelewa vizuri, kwa kuwa ni kweli.

Wiki ya 5, kikundi cha pili

Wauguzi 7, hakuna msimamizi, na hakuna aliyetoka zamu ya usiku asubuhi hiyo. Viti vilipangwa duara na kila kimoja kina namba. Mwenzangu anayeandika alikaa nje ya duara na kazi yake ilikuwa ndogo lakini ya lazima: kila mtu anapoanza kusema, anaandika namba ya kiti na maneno mawili au matatu ya kwanza. Bila karatasi hiyo, sauti saba za kike zinazofanana haziwezi kutenganishwa baadaye. Anaandika pia kisichosikika, kama vichwa vinavyotikiswa au macho yanayotazamana.

Kabla ya kuwasha rekoda nilieleza jambo ambalo wengi hulipita upesi. Mimi naweza kuahidi kwamba sitataja majina, lakini siwezi kuahidi kwa niaba ya watu wengine sita waliomo chumbani. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba mtu asiyekuwepo aitwe "mwenzangu" tu, na kwamba jambo ambalo mtu hataki lisikike nje asiliseme kikundini. Nikauliza pia kama kuna asiyetaka kurekodiwa. Angekuwepo hata mmoja, rekoda isingewashwa na tungeandika kwa mkono.

Kisha nikawapa dakika mbili za ukimya, kila mmoja aandike kwenye kadi zamu moja aliyopokea ambayo kitu hakikukaa sawa. Faida yake ni kwamba mtu akishaandika lake, hawezi kumezwa na la msemaji wa kwanza.

Hapa nanakili kipande kilichonifanya niamini mwongozo. Kiti namba 4 alianza kwa utaratibu, "Huwa tunapokea ripoti kitanda kwa kitanda, tunahakiki chati." Nikamwuliza:

"Sista, hiyo uliyoiandika kwenye kadi ilikuwa lini?"

"Juzi usiku."

"Nipeleke pale. Uliingia, ukamkuta nani?"

"Nilimkuta mwenzangu ana haraka. Akaniambia dawa zote zimetolewa. Nikafungua chati, nikaona kisanduku cha saa 8 mchana hakina sahihi."

Akanyamaza. Hapa ndipo mwendeshaji anaposhikwa na hamu ya kusaidia, na akisaidia anaharibu. Nilihesabu moyoni hadi tano.

"Nikaenda kuhesabu vichupa."

"Vichupa?"

Hilo ndilo dodoso fupi kuliko yote: kurudisha neno lake la mwisho na kuacha. Akaeleza. Ilikuwa antibiotiki ya sindano ya kila baada ya saa 8, yaani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Vichupa 3 vya siku hiyo vilikuwa vimeletwa wodini kabla ya dozi ya asubuhi. Yeye alipokea zamu saa 1 usiku. Kama dozi ya mchana ilitolewa na sahihi ikasahaulika, kilipaswa kubaki kimoja. Vilibaki viwili. Akampigia daktari, na dozi ikatolewa ikiwa imechelewa zaidi ya saa tano.

Niliuliza, "Ulijuaje kwamba hesabu itakupa jibu?" Akasema hilo hakufundishwa na mtu, "lakini ukimpa mara mbili ni kosa, ukimruka ni kosa". Karatasi ya mwenzangu inaonyesha kwamba hapo viti 2, 5 na 6 walitikisa vichwa. Kwenye rekoda hakuna chochote zaidi ya ukimya, na anayesikiliza sauti peke yake angedhani wamepuuza.

Sikuuliza "Je, mnakubaliana?" kwa sababu kikundi hukubali. Niliuliza, "Nani kwake ilikwenda tofauti?" Kiti namba 3 akasema wodini kwao kuhesabu hakusaidii, kwa kuwa vichupa hukaa kwenye droo moja ya wote, havina jina la mgonjwa. Kwa sentensi hiyo moja nilipata mpaka wa mbinu yenyewe. Katika rasimu yangu ya maswali 19 hakukuwa na hata moja ambalo lingefika kwenye droo.

Wiki ya 5, kuhusu sauti

Rekoda zilikuwa mbili, moja katikati ya duara na nyingine karibu na kiti cha mbali, kila moja juu ya taulo lililokunjwa, kwani meza hupitisha kila mgongano wa kikombe. Feni ilizimwa. Tulijaribu kwanza kwa dakika moja, aliyekaa mbali kabisa akisoma kwa sauti yake ya kawaida, nikasikiliza kwa visikizi kabla ya kuendelea. Faili za WAV za njia moja, biti 16 na herzi 44,100, huchukua kama megabaiti 318 kwa saa, hivyo nafasi haikuwa tatizo. Rekoda ya pembeni iliishiwa betri dakika ya 61. Ya katikati ikaokoa kikao.

Tulipozima na watu kusimama, kiti namba 6 alinifuata akasema jambo zito kuliko yote ya kikao: kosa lililomfikia mgonjwa. Niliona ni haki kumwuliza palepale kama anataka liingie kwenye mradi. Akasema ndiyo, lakini si kama sehemu ya kikundi. Limeandikwa kando, na tumepanga mahojiano ya watu wawili.

Wiki ya 6

Unukuzi wa dakika 84 umenichukua karibu saa 11. Sehemu niliyompa msaidizi ilirudi imesafishwa kwa nia njema: "nikaenda" imekuwa "nilikwenda", "mi nikamwambia" imekuwa "tulimwarifu". Kiswahili sanifu, na ushahidi umekwisha. Hasa hiyo "tulimwarifu" imemfuta mtu mmoja aliyefanya uamuzi na kuweka wodi nzima mahali pake. Nimeirudia yote kutoka kwenye sauti. Maelekezo ya kunukuu sasa yanasema: vitenzi na nafsi havirekebishwi, kunyamaza kwa zaidi ya sekunde tatu kunaandikwa, na jina likiponyoka linawekewa mabano yenye wadhifa, kwa mfano [muuguzi wa zamu ya mchana].

Nikisoma nakala naona pia upungufu wa njia hii. Kati ya visa tisa vilivyosimuliwa, vinane vinaishia vizuri, msimulizi ameligundua kosa kwa wakati. Mbele ya wenzake mtu huchagua kisa ambacho yeye ndiye aliyeona. Kisa cha yule ambaye hakuona kinasubiri chumba chenye watu wawili.

Mwongozo wa mahojiano hayo una maswali 4. La kwanza linaanza na chati, kisanduku kisicho na sahihi, na saa aliyokiona.