Jinsi ninavyowapima vibarua wa kahawa bila kutegemea macho ya nyapara peke yake

Shamba ninalosimamia liko Kapchorwa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, na lote ni kahawa ya Arabika. Msimu wa kuchuma ukifika tunapokea vibarua kutoka pande zote: Wasabiny wa hapahapa, Wagisu kutoka upande wa Mbale, na wengine wanaovuka mpaka kutoka Kenya. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha pale kwenye mizani. Mwisho wa msimu inabidi niamue nani apewe bakshishi, nani aitwe tena, na nani apandishwe kwenye kazi ya kupogoa, ambayo malipo yake ni mazuri zaidi.

Nilipoanza kazi nilikuta daftari la nyapara lenye majina na maneno mawili matatu kando ya kila jina: "mwenye bidii", "mvivu", "anaongea sana". Nyapara si mtu mbaya. Ila ana vipande sita vya kuzungukia, na miguu yake ni miwili. Kipande cha chini kiko karibu na barabara na mashine ya kumenya, kwa hiyo anapita hapo mara nyingi. Kipande cha juu kabisa anakifikia mara moja asubuhi, na mvua ikinyesha hakifikii kabisa. Nilipolisoma lile daftari nikiwa na ramani ya shamba mkononi, karibu "wenye bidii" wote walikuwa wa chini.

Mizani nayo ina uongo wake. Kahawa haiivi yote kwa pamoja, kwa sababu miti huchanua kwa awamu kufuata mvua. Kwa hiyo tunarudi kwenye mti uleule kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Raundi ya kwanza ina matunda mekundu machache, za katikati zinajaa, za mwisho ni kuokoteza. Ongeza mteremko na umri wa miti, utaona kwamba kilo arobaini za mtu mmoja zinaweza kuwa kazi kubwa kuliko sabini za mwingine.

Kwa hiyo niliacha kulinganisha watu wa shamba zima. Nikawa nalinganisha wale tu waliochuma kipande kimoja, siku moja, raundi moja. Jioni nazipanga kilo zao kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua za mtu aliye katikati. Wastani wa kawaida niliukataa mapema, maana mchumaji mmoja mwenye mikono ya umeme anaupandisha na kuwafanya wenzake wote waonekane wazembe. Kisha kila mmoja nampa asilimia kwa kumlinganisha na yule wa katikati.

Chukua siku moja ya raundi ya pili. Kijana mmoja wa chini alileta kilo 66, na mama mmoja wa juu akaleta 44. Kwa daftari la zamani hapo hakuna mjadala. Lakini mtu wa katikati wa chini siku hiyo alikuwa na kilo 70, na wa juu 38. Kijana anapata asilimia 94, mama anapata 116. Nyapara alipoona hesabu alinyamaza, halafu akasema, "Huyu mama mimi simjui hata sura." Hilo lilinitosha kama ushahidi.

Hesabu hii inakataa mahali pawili. Kipande chenye wachumaji chini ya watano sikihesabu siku hiyo, kwa sababu katikati ya watu watatu ni bahati nasibu. Pili, mistari ndani ya kipande hailingani, na nyapara akiachiwa kuigawa, rafiki zake watapata mistari minono. Siku hizi tunapiga kura asubuhi: namba kwenye vipande vya karatasi ndani ya kofia, kila mtu anachomoa mwenyewe. Manung'uniko yalipungua kuliko kwa hotuba yoyote niliyowahi kutoa.

Halafu ubora. Anayevuta tawi zima kwa mkupuo ataleta kilo nyingi zenye matunda mabichi, na haya yanaharibu ladha ya kundi zima. Kabla ya kupima, karani anachota matunda mia moja kutoka kwenye gunia na kuhesabu mabichi. Nasisitiza achote na chini ya gunia, kwa maana wajanja wanajua kupamba juu kwa mekundu. Kiwango chetu ni mabichi matano kwa mia. Yakizidi, mtu anakaa kwenye turubai achambue, na kilo zinazoandikwa ni zile zilizobaki.

Kitu kingine cha kuangalia ni kadi ya kilo za mchumaji inayoruka ghafla. Mtu wa asilimia mia kila siku akifika 190 Jumamosi, mara nyingi mume na mke wamepima kwa kadi moja, au mama amekuja na watoto wasio na shule siku hiyo. La kwanza tunalitatua kwa kila mtu kuwa na kadi yake. La pili tunalikataa kabisa, na zile kilo hazimpandishi mtu.

Palizi ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu haina kilo. Jioni mstari wowote uliopaliliwa unapendeza. Adui wetu ni lumbugu, nyasi inayotambaa kwa mizizi chini ya udongo. Ukikata majani tu, mvua ikinyesha, inarudi nene kuliko mwanzo. Anayechimba na kutoa mizizi yote anamaliza nusu ya mistari ya mwenzake, na nyapara anayepita saa nane anamwona amebaki nyuma. Upande mwingine, jembe likizama sana chini ya matawi linakata mizizi midogo ya kahawa, ambayo mingi iko karibu na uso wa udongo. Hapo panatakiwa mkono.

Kwa hiyo palizi siikagui siku inapofanyika. Kila mstari una kigingi chenye namba, na jina la aliyepalilia liko kwangu ofisini. Baada ya wiki mbili za mvua nyapara na mkaguzi wa pili wanapita bila kujua mstari ni wa nani. Wanachagua miti mitano kwa kila mstari na kuangalia vitu viwili: lumbugu imechipuka tena, na kuna mizizi ya kahawa iliyokatwa? Mara ya kwanza tulipofanya hivi, nyapara aliusifu sana mstari wa mtu ambaye daftari lake lilimwita mvivu.

Matokeo namwonyesha mtu palepale kwenye mizani, kila mwisho wa wiki, akiwa bado anaukumbuka mstari wenyewe. Akipinga, tunakwenda kuuona. "Bosi, huo mstari una miti ya wazee watupu, njoo uhesabu," mama mmoja aliniambia, na kweli nusu ilikuwa vikongwe visivyozaa. Nikaifuta alama ya siku hiyo.

Nyapara bado anaandika, lakini kwa utaratibu mwingine: tarehe, kipande, na alichokiona kwa macho yake. Kama hakufika, anaandika "sikufika", na nafasi hiyo haihesabiwi kuwa alama mbaya.

Wabebaji wa magunia bado sijawapatia kipimo kizuri. Kuhesabu safari kunawafanya wakimbie kwenye mteremko wenye utelezi, na mmoja akivunjika mguu hakuna hesabu itakayonitetea. Kwa sasa wanalipwa sawa kwa siku, na wanaoitwa tena ni wale ambao wabebaji wenyewe wanasema wako tayari kubeba nao.